Picha Moja ya Mwaloni, Masharti Matatu: Uhariri Unaokubalika na Jinsi Faili Ghafi Linavyokaguliwa

Nina picha niliyoipiga mwaloni Kirumba, Mwanza, saa 1:05 asubuhi, jua likiwa bado chini. Mama mmoja ameinama akianika dagaa, na mbele yake korongo marabu amesimama na mabawa nusu wazi, wanatazamana kama watu wanaodaiana. Nyuma yao upo mtumbwi, na ndani yake kijana amesimama. Karibu na miguu ya ndege kuna chupa tupu ya plastiki.

Siku ile ile jioni niliihariri nikiwa na furaha, bila kufikiria mashindano. Nilikata kingo, nikafuta alama mbili za vumbi la sensa angani, nikaongeza joto la rangi, nikamng'arisha ndege, nikafuta ile chupa, kisha nikatia giza upande wa nyuma mpaka mtumbwi na kijana wake wakamezwa na weusi. Picha ilitulia, jicho likaenda moja kwa moja kwa mama na ndege. Miezi mitatu baadaye nilipotaka kuituma mahali, nikagundua kwamba nilichokuwa nacho mkononi hakiwezi kuingia katika mashindano mawili kati ya matatu niliyokuwa nikiyawazia. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu aliye katika njia panda hiyo hiyo: una picha moja, unataka kujua uipeleke wapi, na mtu atakayefungua faili lako ghafi, lile la RAW linalotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, ataona nini.

Mashindano matatu niliyoyalinganisha ni haya. La kwanza ni World Press Photo, la picha za habari, lenye makao Amsterdam. La pili ni Wildlife Photographer of the Year, la picha za viumbe wa porini, linaloendeshwa na makumbusho ya historia asilia ya London. La tatu ni kundi la wazi katika mashindano ya klabu yanayofanyika chini ya FIAP, shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha. Picha yangu ingeweza kuingia kote. Ina watu na kazi yao, kwa hiyo ni habari. Ina ndege wa porini anayeishi mjini, na London wana kundi maalumu la wanyama wa mijini. Na ina umbo na rangi, mambo ambayo klabu huyapenda.

Hivi ndivyo kila hatua yangu inavyosimama mbele ya masharti ya kila upande:

| Nilichofanya | World Press Photo | Wildlife Photographer of the Year | FIAP, kundi la wazi |
|---|---|---|---|
| Kukata kingo | Ruksa | Ruksa | Ruksa |
| Kufuta vumbi la sensa | Ruksa | Ruksa | Ruksa |
| Kurekebisha mwanga na rangi | Ruksa, rangi isiachane mno na ya asili | Ruksa, mandhari yasipotoshwe | Ruksa |
| Kufuta chupa | Marufuku | Marufuku | Ruksa |
| Kutia giza mpaka mtumbwi upotee | Marufuku | Marufuku | Ruksa |
| Kuunganisha fremu kadhaa (sikufanya) | Marufuku katika picha moja na mfululizo | Ruksa kwa panorama na tabaka za fokasi, ukieleza | Ruksa, ila kila kipande kiwe chako |

Safu ya FIAP haihitaji maelezo mengi. Katika kundi la wazi picha hutazamwa kama kazi ya sanaa, na swali kubwa ni kama vipande vyote vimetoka katika kamera yako mwenyewe. Anga ya kununua mtandaoni hairuhusiwi, lakini anga uliyoipiga mwenyewe Bukoba waweza kuiweka juu ya Mwanza. Ila usichanganye kundi la wazi na kundi la asilia la FIAP hiyo hiyo. Kule kwenye asilia huruhusiwi kuongeza, kuhamisha wala kuondoa kitu isipokuwa kwa kukata kingo, na hata panorama ya kuunganisha haikubaliwi, ingawa London wanaikubali. Nimeona watu wakidhani kwamba picha iliyopita kwenye asilia ya London itapita tu na kwenye asilia ya klabu. Si lazima.

Mgogoro wote umo katika mistari ya chupa na mtumbwi. Hebu tuanze na chupa, maana ndiyo rahisi kueleweka na ndiyo inayouma zaidi.

Kwa nini kukata ni ruksa na kufuta ni marufuku

Wengi huliona sharti hili kama ukaidi. Nikikata kingo naweza kuondoa robo nzima ya picha pamoja na watu watatu, na hakuna atakayeniuliza. Nikifuta chupa isiyozidi upana wa kidole, ninatolewa. Mantiki yake ni kwamba kukata ni sawa na kusogeza kamera au kubadili lenzi: mtazamaji anajua fremu ina mpaka, na anajua nje ya mpaka kuna dunia. Kufuta kunamwambia mtazamaji kwamba pale, katikati ya fremu, palikuwa na mchanga mtupu. Hapakuwa.

Mwaka 2010 mpigapicha Stepan Rudik alinyang'anywa tuzo ya World Press Photo aliyopewa katika picha za michezo. Picha ilionyesha mkono wa kijana ukifungwa bendeji. Rudik alikuwa amekata sehemu kubwa sana ya fremu ya asili, akaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, akaongeza chembechembe na kutia giza pembeni. Picha ya mwisho haikufanana kabisa na ile ya kamera, na hayo yote yalipita. Kilichomtoa ni kipande kidogo cha mguu wa mtu wa nyuma kilichokuwa kikichungulia karibu na mkono, ambacho alikifuta. Mwaka 2012 Harry Fisch alipoteza ushindi wake katika mashindano ya National Geographic kwa sababu ya mfuko wa plastiki uliokuwa pembeni ya picha aliyoipiga kando ya mto Ganga. Aliufuta. Akaambiwa kwamba kama angeuacha, au angeukata pamoja na ukingo, ushindi ungebaki wake.

Kwa hiyo ukiona kitu kinachokusumbua ndani ya picha, swali la kwanza ni kama kiko karibu na ukingo. Chupa yangu ilikuwa pikseli 900 hivi ndani ya fremu, upande wa kushoto chini. Ningekata mpaka pale ningekata na kapu la dagaa, na bila kapu mama anaonekana ameinamia hewa. Ilikuwa ama niiache chupa, ama niipeleke picha klabu.

Giza lililomeza mtumbwi

Hapa ndipo watu waaminifu wanapoanguka. Sikutumia zana yoyote ya kufuta. Niliburuta tu vivuli chini, nikapitisha brashi ya giza mara mbili tatu. Nilijiambia ni mwanga tu, na mwanga si ruksa?

World Press Photo walipambana na jambo hili hadharani mwaka 2015. Katika duru ya kabla ya mwisho, asilimia 20 ya picha zilizofika hapo zilitolewa baada ya kulinganishwa na faili zake ghafi. Baadhi zilikuwa zimefutwa vitu vidogo vidogo, na nyingine zilikuwa zimetiwa giza kiasi kwamba sehemu za picha zilizokuwa na maelezo zimekuwa weusi mtupu. Masharti yao sasa yanasema wazi kwamba kubadili mwanga, kontrasti au rangi ni halali mpaka pale mabadiliko yanapoficha au kuondoa watu, vitu au mandhari ya nyuma. Mpaka wenyewe basi hauko kwenye zana uliyotumia. Uko kwenye swali hili: kilichokuwepo bado kinaonekana?

Swali hilo lina ugumu wa kiufundi unaostahili kuelezwa, kwa sababu faili ghafi si picha. Ni vipimo vya mwanga vilivyochukuliwa na sensa, kila pikseli ikiwa imepima rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na bluu. Kamera ya biti 14 hupima ngazi 16,384 za mwanga, ilhali JPEG ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila rangi. Ili vipimo viwe picha, lazima programu ivitafsiri, na kila programu ina tafsiri yake. Ndiyo maana faili ghafi likifunguliwa huonekana limepauka, na mpigapicha huwa na haki ya kuongeza kontrasti na rangi. Mtu akisema picha yako haifanani na faili ghafi, hajasema lolote bado.

Lakini kuna kipimo cha kati. Ndani ya karibu kila faili ghafi kamera huweka JPEG iliyotengenezwa papo hapo, ile unayoiona kwenye kioo cha nyuma baada ya kubonyeza. Hiyo, pamoja na faili ghafi lililofunguliwa kwa mipangilio ya kawaida bila kuguswa, hutoa picha ya haki ya kile kilichokuwepo. Kama mtumbwi unaonekana katika zote mbili na katika picha yako hauonekani, umeuondoa. Kinyume chake hakina tatizo: kama mtumbwi ulikuwa mweusi kwenye kioo na wewe ukauinua kutoka kwenye vivuli, hujaondoa kitu, umeonyesha kilichopimwa na sensa.

Mezani kwa mkaguzi

Katika mashindano makubwa kama World Press Photo, picha hazikaguliwi zote. Faili ghafi huitwa kwa zile zilizofika duru za mwisho, kisha wataalamu wa kujitegemea huzilinganisha na kupeleka walichoona kwa majaji, ambao ndio huamua. Nilirudia hatua zao kwa picha yangu mwenyewe, kwa zana za bure, na ninashauri ufanye hivyo kabla hujalipa ada au kujaza fomu.

Hatua ya kwanza ni kutazama faili lenyewe. Je, ni faili la kamera kweli? Kila kampuni ina umbo lake: NEF kwa Nikon, CR3 au CR2 kwa Canon, ARW kwa Sony. Hapa kuna mtego wa DNG. Zipo kamera na simu zinazorekodi DNG moja kwa moja, na hizo hazina neno. Lakini programu za kuhariri nazo hutengeneza DNG, hata kutokana na fremu kadhaa zilizounganishwa kuwa panorama. DNG ya namna hiyo haithibitishi chochote. Ukiwa na mazoea ya kugeuza mafaili yote kuwa DNG na kufuta ya asili ili kuokoa nafasi kwenye diski, acha leo. Mpigapicha mmoja ninayemfahamu alifanya hivyo kwa miaka minne, na picha alizopiga katika miaka hiyo hazina tena faili la kamera la kuonyesha.

Hatua ya pili ni kutoa ile JPEG ya ndani na kusoma saa:

```
exiftool -b -JpgFromRaw DSC_4417.NEF > kamera.jpg
exiftool -time:all -a -G1 -s DSC_4417.NEF
```

Saa ya kamera yangu ilisema 07:05, sawa na maelezo niliyoandika. Ukitoka safari na kamera ikabaki na saa za nchi nyingine, maelezo yako yatasema alfajiri na faili litasema usiku wa manane. Hilo pekee halikutoi, lakini linaleta maswali ambayo ungeweza kuyaepuka kwa kuliandika mapema.

Hatua ya tatu ndiyo kiini. Faili ghafi linafunguliwa kwa mipangilio ya kawaida, linakatwa kingo pale pale ulipokata wewe, linapewa ukubwa sawa na picha uliyotuma, kisha zote mbili zinawekwa moja juu ya nyingine. Njia ya kwanza ni ya macho: tabaka la juu linawashwa na kuzimwa haraka haraka. Jicho la binadamu ni hodari kwa hili. Kitu kilichofutwa kinaruka, kinakuja na kutoweka, wakati vingine vyote vinabadilika rangi tu. Njia ya pili ni ya hesabu, ambapo thamani ya kila pikseli inatolewa kwa ya mwenzake na kinachobaki kinang'arishwa:

```
magick ghafi.tif iliyotumwa.tif -compose difference -composite -auto-level tofauti.png
```

Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilishtuka, kwa sababu picha nzima iliwaka. Nilikuwa nimeongeza kontrasti na joto la rangi kila mahali, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa na tofauti. Ni lazima kwanza uisogeze picha ghafi karibu na yako kwa mkunjo wa mwanga na rangi ya jumla, ndipo tofauti za mahali mahali zijitokeze. Mara ya pili kingo zote za vitu zilionyesha mistari miembamba, mizito zaidi kwenye pembe. Hiyo ilikuwa kazi ya marekebisho ya lenzi: programu ilikuwa imenyoosha mistari iliyopinda katika picha niliyotuma lakini si katika ile ghafi, na hata pikseli moja ya mwachano hutoa mstari. Nikawasha marekebisho hayo hayo pande zote mbili, mistari ikatoweka.

Mara ya tatu nikaona kile ambacho mkaguzi angekiona. Angani palikuwa na vidoa viwili vya mviringo, laini, vyenye kingo zilizofifia. Hayo ni mavumbi ya sensa, na mkaguzi huyatambua kwa sababu yanajirudia mahali pale pale katika fremu nyingine za siku hiyo. Chini kushoto palikuwa na doa lenye umbo la chupa, kali, lenye shingo na kifuniko, na pembeni yake kiraka cha mchanga kilichojirudia mara mbili kwa sababu ndiko nilikonakili. Na nyuma palikuwa na wingu pana lisilo na kingo, alama ya brashi ya giza.

Tazama tofauti ya hizo mbili za mwisho. Chupa inajishtaki yenyewe, haihitaji mjadala. Wingu la giza halithibitishi kosa, kwa sababu kutia giza ni ruksa. Kwa hiyo mkaguzi huacha ramani ya tofauti na kwenda kupima. Katika faili ghafi lililofunguliwa kawaida, ubao wa mtumbwi ulikuwa na thamani kati ya 30 na 45 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, na shati la kijana lilifika 60. Katika picha yangu, yote yalikuwa kati ya 0 na 4. Mtu aliyekuwepo hayupo. Hapo hakuna la kujitetea.

Ukaguzi huu huwalinda pia wapigapicha. Picha ya Paul Hansen ya mazishi mjini Gaza, iliyopigwa Novemba 2012, ilipata tuzo kuu ya World Press Photo mwaka 2013, kisha ikashambuliwa kwamba imeunganishwa kutoka picha kadhaa, kwa hoja zilizotokana na kuchambua JPEG iliyosambazwa. Waandaaji waliwapa faili ghafi na picha ya tuzo wataalamu huru, miongoni mwao Hany Farid. Waliona sehemu zilizong'arishwa na sehemu zilizotiwa giza, tena si kidogo, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake kama katika faili ghafi. Tuzo ikabaki. Bila faili ghafi, mabishano yale yasingekwisha.

Rangi

Kwa rangi sina kipimo cha kukupa. Mwaka 2009 Klavs Bo Christensen alitolewa katika mashindano ya picha za habari ya Denmaki baada ya majaji kuomba faili ghafi za picha zake za Haiti na kuona rangi zimekolezwa kupita kiasi. Hakuongeza wala kuondoa kitu. Alijitetea kwamba faili ghafi limepauka kwa asili yake na si haki kulitumia kama kipimo, na hoja hiyo ina uzito. Mimi hutumia ile JPEG ya ndani ya kamera: nikiona kitenge cha mama kimehama kutoka chungwa kwenda nyekundu, nimevuka. Kikiwa bado chungwa, ila chungwa la jua la asubuhi, nipo salama. World Press Photo nao huzungumzia kuhama kwa rangi yenyewe kuliko ukolevu wake peke yake.

Pale faili ghafi linapokwama

Kuna jambo moja linalotenganisha London na Amsterdam, na ni muhimu kwa yeyote anayepiga wanyama. Faili ghafi linathibitisha kwamba sensa iliona kitu. Halisemi kitu hicho ni nini wala kimefikaje pale.

Mwaka 2017 Marcio Cabral alishinda katika kundi la wanyama katika mazingira yao kwa picha ya usiku kutoka hifadhi ya Emas, Brazili: kichuguu kinachomulika kwa wadudu wenye mwanga, na mla-mchwa mkubwa akikivamia. Aprili 2018 makumbusho yalimvua ushindi. Wataalamu watano, akiwemo bingwa wa kukausha wanyama, walimlinganisha mnyama yule na mla-mchwa aliyekaushwa aliyekuwa akionyeshwa kwenye kituo cha wageni cha hifadhi hiyo hiyo, na kila mmoja kwa upande wake akafikia kwamba mkao, mabaka na mikunjo ya manyoya vinafanana mno. Cabral alikana. Alikuwa na faili ghafi za kabla na za baada, lakini katika hizo nyingine mnyama hakuonekana. Ramani ya tofauti ingekuwa safi kabisa, kwa kuwa hakuna pikseli iliyoguswa.

Kabla ya hapo, mshindi mkuu wa 2009, José Luis Rodríguez, alivuliwa tuzo Januari 2010 kwa sababu mbwamwitu aliyeruka lango katika picha yake aliaminika kuwa mnyama wa kufugwa, jambo ambalo masharti yalikataza.

Ndiyo maana fremu za jirani zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mnyama hai husogea. Korongo wangu katika fremu ya kabla ana mabawa yamefungwa, na katika ya baada amegeuza kichwa. Mashindano yanaweza kuziomba fremu hizo, hasa ukipiga JPEG bila faili ghafi, kwa kuwa zinaonyesha tukio likitiririka. Usifute fremu mbaya zilizozunguka fremu nzuri. Ziweke folda moja, kwa namba zake za asili.

Na maelezo ya picha ni sehemu ya ukaguzi. Mwaloni ndege hutupiwa vichwa vya samaki kila siku na watu wa pale. Kama mimi ndiye ningemtupia samaki ili asimame nilipotaka, London wangetaka kujua, kwa kuwa wana masharti juu ya chambo na usumbufu kwa wanyama, na faili ghafi lisingewaambia. Sikumtupia, na niliandika hivyo.

Nilivyochagua

Nilirudi kwenye faili ghafi nikaanza upya. Kutoka fremu ya pikseli 6000 kwa 4000 nilikata mpaka 5100 kwa 3400, uwiano ule ule. Vumbi nililifuta. Nyuma nilitia giza kidogo, mpaka shati la kijana likawa kati ya 25 na 35, anaonekana ukitazama, lakini hakuibii jicho. Chupa nikaiacha.

Toleo hilo lingeweza kwenda Amsterdam au London. World Press Photo hawatozi ada, na tangu 2022 hugawa picha kwa kanda ya mahali zilipopigwa, kwa hiyo picha ya Mwanza hushindana na picha nyingine za Afrika. Ila ni ya wapigapicha wa kulipwa, na picha moja moja inapaswa kuwa ya mwaka husika. Mimi hupiga harusi wikendi na habari mara chache, na picha yangu peke yake haielezi habari yoyote ya mwaka ule. Ukiwa na mfululizo kuhusu bei ya dagaa au kufungwa kwa uvuvi, na picha hii ikiwa mojawapo, pale ndipo mahali pake.

Niliipeleka London, kundi la wanyama wa mijini. Kule ile chupa niliyoifuta mwanzoni inafanya kazi: ndege anayeishi kwa mabaki yetu amesimama juu ya mabaki yetu. Katika maelezo nilitaja mwalo, saa, kwamba ndege hakulishwa nami, na kwamba picha ni fremu moja.

Toleo la zamani, lisilo na chupa wala kijana, bado naliona zuri. Lilikwenda kwenye kundi la wazi la klabu, na kwenye jina la faili niliongeza neno `imebadilishwa`, ili miaka mitano ijayo nisije nikalituma kwa bahati mbaya mahali ambapo wataomba DSC_4417.NEF.